Maswali madogo kwa fundi wa mwaloni

Jumapili usiku, Kirumba, Mwanza.

Mwezi umejaa, mwalo umelala. Dagaa huvuliwa gizani, wavuvi wakiwasha taa juu ya maji ili dagaa wazifuate. Mwezi ukiwa mkubwa taa zinakosa nguvu, mitumbwi inakaa siku kadhaa bila kutoka, na sisi wachuuzi tunakaa nayo. Nimepata nafasi ya kuandika habari za fundi.

Anatengeneza injini za mitumbwi, na kibanda chake hakiko mbali na vichanja ninavyoanikia dagaa. Nampenda. Ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anaitika vizuri, anakuuliza na za nyumbani, kisha anarudi kwenye spana yake. Mwanzoni nilimwendea kama ninavyowaendea watu wote, kwa maneno mengi. Nilimuuliza, "Fundi, hebu niambie, wewe ni mtu wa namna gani?" Akafikiri muda mrefu, halafu akasema, "Wa kawaida, dada." Jioni nikamtumia meseji ndefu, akajibu "Sawa." Nikatuma nyingine. Tiki zikageuka buluu, kimya. Ndipo nikaandika neno ninalolijutia mpaka leo: "Mbona unajibu kwa mkato hivyo?"

Siku nne hakupita upande wangu.

Nimeliwaza sana swali lile. Mtu mkimya ukimuuliza mbona kimya, unamdai maelezo ya alivyo, tena hapo hapo, ukiwa umemkazia macho. Hata lile la "wewe ni mtu wa namna gani" ni zito kwake, kwa sababu anataka kulijibu kweli, na jibu la kweli haliji kwa dakika moja. Nadhani hakuwa ananinyima maneno. Mimi ndiye niliyemwomba mengi kwa mkupuo.

Nikaanza upya na swali la chakula. Tulikuwa kwa mama lishe, kila mtu na sahani yake. Nikasema, "Fundi, sato wa kuchoma au wa kukaanga?" Akasema, "Wa kuchoma." Nikanyamaza. Hapo ndipo palikuwa pagumu kwangu, maana ulimi ulishaanza kutafuta "kwa nini". Nikajizuia, nikala matonge mawili, kisha nikatoa langu: "Mimi wa kukaanga, mpaka mapezi yavunjike mdomoni." Nikaendelea kula. Nilikuwa namalizia ugali niliposikia, "Ukimkaanga hivyo unapoteza utamu wa mafuta yake." Sikuwa nimemuuliza. Lilikuja lenyewe.

Swali la namna ile linajibika kwa neno moja, na neno hilo moja linatosha, hakuna atakayemwona mchoyo. Nami nikishatoa upande wangu bila kumgeuzia swali jingine, anabaki huru: akitaka anaongeza, asipotaka tumekula samaki wetu salama. Maswali matatu mfululizo yangeharibu yote, hata yangekuwa madogo namna gani. Yangemfanya ajione yuko mbele ya karani wa sensa. Kwa hiyo nilijiwekea swali moja kwa siku, na siku nyingine nilipita na salamu tu.

Swali lililofungua mlango hasa lilihusu injini. Alikuwa ameifunga moja kwenye pipa la maji, inanguruma. Nikauliza, "Unajuaje kama inapoa vizuri?" Hakusema kitu. Alinyoosha kidole kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa injini, maji yanaruka kama uzi. Nikainama nikatazama. Baada ya kitambo akasema uzi ule ukikatika uzime injini mara moja, maana maji hayazunguki tena; huenda mchanga au magugu maji yameziba njia, au impela ya pampu imekwisha. Akanitolea impela mbovu kutoka kwenye kopo, mpira wenye vijibawa vilivyokatika, akaniwekea kiganjani. Pale alizungumza kuliko miezi yote niliyomjua. Tangu siku ile napenda maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa kidole, kwa kitu anachokishika kila siku. Macho yetu yalikuwa kwenye injini, hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni, na nadhani hilo lilimsaidia kama swali lenyewe.

Lakini kuuliza tu si kuchombeza. Mtu anaweza kukuona mwanafunzi wa ufundi. Kwa hiyo nilipomrudishia ile impela nilimwambia, "Napenda unavyoeleza. Ningeweza kukusikiliza mpaka jioni." Nikachukua beseni langu nikaenda kugeuza dagaa. Neno la namna hiyo huwa nalisema mara moja, wazi, kisha naondoka, ili asilazimike kutafuta jibu nikiwa nimemsimamia. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama na impela mkononi, anatabasamu peke yake.

Kumwalika nako nilijifunza. Sikusema "lini utanitoa?" Nilisema, "Kesho saa kumi jioni nitakuwa kule kwenye mawe, natazama Jiwe la Bismarck. Ukipata nafasi karibu, ukikosa hamna shida." Hakuja. Nami nilikuwa nimesema hamna shida, basi kesho yake nilimsalimia kama kawaida, sikuuliza alikuwa wapi. Ningeuliza, mwaliko wangu wote ungekuwa mtego. Wiki iliyofuata nikasema tena maneno yale yale, akaja na karanga kwenye karatasi. Tulikaa tumeelekea ziwani, bega kwa bega, labda nusu saa bila neno, tukihesabu korongo kwenye mwamba.

Shoga yangu aliniuliza nitajuaje kama ni mkimya au hanitaki tu. Lina haki ya kuulizwa, maana nimewahi kukosea. Miaka ya nyuma nilimfuata kijana mmoja mwenye majibu mafupi kama haya kwa miezi miwili, na ufupi wake ulikuwa hapana ya mtu mstaarabu. Nikikumbuka sasa, hakuna nilichomwambia kilichowahi kurudi. Kila niliposogea alipata simu ya kupokea. Nilimwona akicheka na wengine, kwangu akifunga. Nilipaswa kuacha mapema, na nilimchosha.

Huyu maneno ni machache kwa watu wote, lakini yangu anayatunza. Wiki tatu baada ya yale ya sato alimwambia mama lishe, "Wa dada mkaushe." Nikija kibandani hasogei, anasukuma kopo la vipuri nipate pa kukaa. Na hivi karibuni ameacha kuniita dada. Haniiti jina pia, anasema "wewe" kwa sauti ya chini, nami naisikia hata injini ikiwa inanguruma. Kama siku moja vitu hivi vitakoma, nitapunguza salamu zangu bila kumuuliza chochote.

Jioni ya leo nilikuwa nakunja nyavu za kuanikia. Akapita, akasimama. Akatazama mitumbwi iliyopanda mchangani, akatazama mwezi unaanza kutoka upande wa mlima.

"Siku za mwezi hivi, wewe huwa unafanya nini?"

Ni swali lake la kwanza kwangu nje ya salamu. Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Leo sina kazi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya." Akakaa kwenye ukingo wa kichanja, upande wangu, akashika ncha nyingine ya wavu, tukaukunja pamoja.