Barua niliyoiandikia shule mwanangu alipovunjika mkono

Kwenye simu mwalimu aliniambia, "Aliteleza akicheza, ni mambo ya watoto." Hospitalini picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Jioni nilimuuliza mwanangu swali moja tu, "Ilikuwaje?", nikaandika maneno yake kama alivyoyatamka. Sikumdokezea jibu, maana mtoto akidokezewa huishia kusimulia ya mzazi. Alisema alisukumwa akiwa juu ya ngazi za jukwaa, kisha akakaa sana darasani akilia.

Nilimwandikia mwalimu mkuu. Aya ya kwanza ilitaja ninachokijua kwa hakika: jina, darasa, tarehe, saa niliyopigiwa simu, na alichoandika daktari. Kusukumwa nilikuweka kando, kama maelezo ya mtoto, wala sikumtaja mwenzake. Hasira zote nilizifuta. Barua ya lawama hujibiwa kwa kujitetea, nami nilichotaka ni maelezo.

Nguvu ya barua ilikuwa kwenye maswali. Ukiuliza "Nini kilitokea?" utajibiwa "Alianguka." Kwa hiyo niliandika: "Naomba maelezo kamili ya maandishi: alianguka wapi na saa ngapi, nani alikuwa zamu na alisimama wapi, nani aliona kwa macho yake na nani alisimuliwa, alipewa huduma gani ya kwanza, na nani, na kwa nini nilipigiwa simu saa ile." Niliomba pia nakala ya ukurasa wa daftari la matukio, majina ya watoto wengine yakiwa yamefichwa, na nikaweka tarehe ya kujibiwa. Barua niliipeleka mwenyewe, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Jibu la kwanza lilikuwa aya moja: "Mwanafunzi aliteleza na kuhudumiwa ipasavyo." Ipasavyo vipi? Sikuanza upya. Barua ya pili ilikuwa fupi, ikishika pengo moja: mapumziko yaliisha saa nne na nusu, simu ikaja saa sita kasoro. Katikati hapo mtoto alikuwa na nani, na nani aliamua asubiri?

Hapo ndipo yakaja maelezo yenye saini. Mwalimu wa zamu alikuwa ameitwa kikaoni na hakuna aliyeshika nafasi yake, hivyo hakuna mtu mzima aliyeona anguko lenyewe. Ile "aliteleza" ilitoka kwa watoto. Mwalimu wa darasa aliona anaweza kuchezesha vidole, akadhani mkono umeteguka tu. Lakini vidole huweza kucheza hata mfupa ukiwa umevunjika.

Nakala ya daftari nayo ilikuja, ila tarehe ya kuandikwa ilikuwa baada ya barua yangu ya kwanza. Nimeomba ukurasa huo uongezewe jina la aliyeuandika na chanzo cha habari zake, na kwamba maneno "aliteleza" yasomeke "inasemekana aliteleza".