Mlio wa tik-tik juu ya injini ya asubuhi: kumbukumbu ya kazi ya vali, Bukavu

Jumamosi ya kwanza.

Kwa majuma matatu sasa gari langu, Toyota yenye injini ya 3S-FE ya silinda 4 na vali 16, limekuwa likigonga kila asubuhi ninapoliwasha. Mlio unatoka juu kabisa, chini ya kava la vali, nao ni mkavu na mwepesi, mfano wa msumari unaogongwagongwa juu ya sahani ya bati. Nikikanyaga mafuta unaharakisha, nikiachia unatulia. Ninapoteremka kutoka Kadutu hadi karibu na ziwa, sindano ya joto huwa imekwisha kupanda, na mlio umefifia hata aliyeketi kando yangu hausikii.

Fundi jirani aliusikiliza kwa dakika moja, akaniambia, “Mwalimu, hizo ni puswari zimekufa, ununue mpya zote 16.” Puswari ni vile vikombe vya chuma vinavyokaa kati ya vali na kamshafti, ule mhimili unaozunguka na kuzisukuma vali zifunguke; kwingine huitwa tapeti. Ushauri wake ungekuwa na uzito kwa injini ambayo tapeti zake hujazwa mafuta. Katika injini ya namna hiyo, tapeti hujirekebisha yenyewe kwa shinikizo la mafuta. Gari likilala usiku kucha, baadhi hupungukiwa, kisha hugonga hadi zijae tena. Tapeti za 3S-FE hazina mafuta ndani. Kila moja ni kikombe kitupu kilichobeba juu yake kisahani cha chuma kigumu, ambacho mafundi wa hapa hukiita pastii, na unene wa pastii hiyo ndio unaoamua nafasi iliyopo kati yake na kamshafti. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata faranga moja niliona ni lazima nipime.

Nilianza na mafuta ya injini, kwa kuwa hayo hayahitaji spana. Kijiti kilionyesha kiwango kizuri, lakini nilikumbuka kwamba gari hulala mbele ya nyumba likiwa limeinamisha pua kwenye mteremko, na mafuta yote yalikuwa yamekusanyika upande wa kijiti. Nikalipeleka kwenye uwanja tambarare wa shule, nikalizima, nikangoja dakika 10, nikafuta kijiti na kukichomeka upya. Safari hii ncha yake tu ndiyo iliyolowa, chini kabisa ya alama ya L. Niliongeza lita 1 na robo hadi kiwango kikakaribia F, katika injini inayobeba takriban lita 4. Jambo hili lilinitia hofu kuliko mlio wenyewe. Taa nyekundu ya mafuta haikuwaka hata mara moja, kwa sababu taa hiyo hupima shinikizo, wala haipimi kiwango. Huwaka pale tu pampu inapokosa cha kuvuta, na katika vilima vyetu mafuta machache yanaweza kukimbilia upande mmoja wa sampu, bakuli la mafuta lililo chini ya injini, gari likiwa katikati ya mpando.

Jumapili asubuhi niliwasha tena. Mlio ulikuwa uleule, bila kupungua. Kama tapeti zingekuwa za mafuta, ningetarajia mabadiliko kidogo baada ya kuongeza. Hapa hapakuwa na lolote. Kulibaki mshukiwa mwingine, gasketi ya manifoldi ya ekzosi, ambayo nayo ikivuja hupiga tik-tik wakati wa baridi na kunyamaza chuma kinapopanuka. Niliweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni na nyingine nikaipitisha polepole kando ya manifoldi, kisha juu ya kava. Kwenye manifoldi hapakuwa na pumzi wala masizi meusi, ilhali juu ya kava, usawa wa silinda ya 3, mlio uliniingia sikioni waziwazi.

Jumamosi ya pili.

Injini ililala usiku mzima, kwani vipimo vya injini hii huchukuliwa ikiwa baridi: vali za kuingiza hewa ziwe na nafasi ya milimita 0.19 hadi 0.29, na za ekzosi 0.28 hadi 0.38. Ekzosi hupewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu shina la vali yake hupata moto mkali na kurefuka zaidi. Urefu huo unaoongezeka ndio unaokula nafasi, na hapo ndipo penye maelezo ya mlio unaofifia: asubuhi kamshafti inaipiga pastii kutoka mbali, na injini ikipata joto umbali huo unapungua.

Nilifungua kava, nikatoa buji zote ili injini izunguke kwa urahisi, nikaizungusha kwa spana kwenye boliti ya krenki mpaka silinda ya 1 ikawa juu mwisho wa mgandamizo. Kituo hicho kinathibitika kwa vidole: pastii za silinda ya 1 zina nafasi, za silinda ya 4 zimebanwa. Hapo hupimwa ekzosi za 1 na 3 pamoja na za kuingiza za 1 na 2. Kisha krenki huzungushwa mzunguko mmoja kamili na zilizobaki hupimwa. Kipimo ni vibamba vyembamba vya chuma vyenye unene ulioandikwa, vinavyopenyezwa kati ya kamshafti na pastii; bamba sahihi ni lile linalopita kwa kuvutwa kidogo, bila kulegea wala kulazimishwa.

Vali 14 zilikuwa ndani ya kipimo. Ekzosi moja ya silinda ya 3 ilikuwa na 0.46, nayo ndiyo iliyokuwa ikigonga. Lakini ekzosi moja ya silinda ya 1 ilikuwa na 0.22, na hiyo haikuwa imetoa sauti yoyote. Nilikaa kitambo nikiitazama namba hiyo. Vali iliyolegea hupiga kelele na kuchakaza pastii. Vali iliyobana hunyamaza, na ikipata joto inaweza kushindwa kukaa sawasawa kwenye kiti chake, moto ukapita ukingoni na kuiunguza.

Niliazima kwa fundi mzee chombo cha kukandamiza tapeti, nikageuza kamshafti hadi ncha yake ikatazama juu, nikainua pastii kwa bisibisi nyembamba na kuinasa kwa sumaku. Ya silinda ya 3 ilikuwa na unene wa 2.60, ya silinda ya 1 ilikuwa 2.75. Hesabu ni kuchukua unene wa zamani, kuongeza nafasi uliyopima, na kutoa 0.33, ambayo ni katikati ya kipimo cha ekzosi:

```
Silinda 3: 2.60 + 0.46 - 0.33 = 2.73
Silinda 1: 2.75 + 0.22 - 0.33 = 2.64
```

Pastii hupatikana kwa hatua za 0.05, kwa hiyo nilihitaji 2.75 na 2.65. Ile 2.75 nilikuwa nayo mkononi. Nikabadilishana: 2.75 ikaenda silinda ya 3, na nafasi ikawa 0.31, 2.60 ikaenda silinda ya 1, na nafasi ikawa 0.37, karibu na ukomo lakini ndani yake. Niliziweka upande wenye namba ukitazama chini, ili kamshafti isiusage, nikazungusha krenki mara mbili, nikapima upya. Namba zilikuwa zilezile.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi.

Niliwasha gari baridi kabisa. Tik-tik haikuwepo; ulibaki mvumo wa kawaida wa sindano za petroli. Papa fundi alikuja kuchukua chombo chake, akainama juu ya boneti na kusikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza lita ile 1 na robo ilikokwenda. Chini ya gari hakuna tone, na bomba la ekzosi hutoa moshi wa buluu kidogo ninapowasha. Nimeanza kupima kila Jumamosi kwenye uwanja wa shule, na ukurasa unaofuata utakuwa wa sili za vali, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasiteremke kwenye mashina ya vali na kuungua ndani ya silinda.