Mwisho Kama Ng'ombe

Juzi kijana wangu alikuwa anajaza fomu ya shule, akafika pale pa jina la mama, akanyamaza. Kisha akauliza, "Mathe, ile alama yako niweke ama niache? Kompyuta inaikataa." Nikamwambia aache. Halafu nikabaki jikoni nikicheka peke yangu, na aliponiuliza kunani nikamwambia ni mambo ya kazi. Nyinyi nitawaambia.

Ilikuwa Kisumu, ule mkutano wa vizimba vya samaki. Mlioko kwenye mambo ya ziwa mnaujua. Ukumbi wa hoteli ulijaa: wenyeviti wa BMU, vile vikundi vya kusimamia fuo, kutoka sehemu mbalimbali, akina mama wanaouza ngege na omena, maafisa wa kaunti waliovaa tai, wageni wa ng'ambo safu ya mbele, na wengine wa Zoom wakitutazama kutoka kwao. Wakalimani walikuwa wawili, mmoja wa Dholuo na mmoja wa Kiingereza. Mimi nilikuwa nizungumzie hewa majini, kwa nini samaki wa kizimba hufa alfajiri wakati wale walio huru wanahama tu. Waandaaji wakaniomba wasifu usiozidi maneno 80.

Wasifu wenyewe hauna kazi. Kazi ni jina. Kwenye kitambulisho nina jina la ubatizo, ambalo mamangu pekee hulitumia, tena akiwa amekasirika. Kisha Achieng', kisha Odhiambo. Mgeni akiona majina matatu huchukua la mwisho na kulibandika cheo, kama afanyavyo kwao. Ninakuwa Dkt. Odhiambo. Sasa mtangazie mvuvi wa Dunga kwamba anakuja Dkt. Odhiambo, atamtazamia mwanamume, maana Odhiambo ni mwanamume na Adhiambo ndiye mwanamke. Na huyo mwanamume yupo kweli: ni babangu, alikuwa mwalimu wa hesabu, na hajawahi kufuga hata kamongo. Ukijaribu kurekebisha kwa kusema Mama Odhiambo, umenipa mume au mtoto nisiyemjua. Nimeshaitwa hivyo mbele ya watu, na nimeshaona macho yakimtafuta mzee nyuma yangu.

Kisha kuna ile ng' ya mwisho. Watu hudhani ni ugumu wa ulimi, lakini si ulimi. Emsii wetu alikuwa kijana wa Nakuru, na mtu wa Nakuru anasema ng'ombe na ng'oa kutwa nzima bila shida. Shida ni mbili. Kwanza ritifaa, ile alama aliyoiuliza kijana wangu, hudondoka njiani, na ikishadondoka msomaji anaona ng ya nguo, anatia g. Pili, Kiswahili hakina desturi ya kumalizia neno kwa mlio huo, kwa hiyo hata anayeujua mwanzoni mwa neno akiukuta mwishoni hujikwaa, ama anaongeza vokali, ninakuwa Achiengi. Na hapo katikati, chi na e haziachani. Huenda pamoja, chye, pumzi moja. Msomaji wa Kiswahili huzikata silabi mbili kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kusoma, wala si kosa lake.

Basi chini ya wasifu nikaongeza maelezo mafupi. Niliandika kwamba Achieng' hutamkwa a-CHYENG', nguvu mwishoni, na mwisho wake ni ng' ya ng'ombe bila g. Kwamba niitwe Dkt. Achieng', si Dkt. Odhiambo. Alama za kifonetiki za wataalamu wa lugha sikuzigusa; emsii aliyeshika maikrofoni kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine hana nafasi ya kufumbua mafumbo. Anahitaji neno analolijua tayari, na kwa kijana wa Nakuru ng'ombe lilitosha kabisa.

Nilipofika asubuhi nikapewa beji. Ilikuwa imeandikwa hivi:

```
Dr. Achieng' Odhiambo
```

Wanaotengeneza mifumo ya usajili wanaijua hii. Ritifaa inaweza kuharibu ukurasa ikisomwa kama sehemu ya msimbo, kwa hiyo mfumo huigeuza kuwa namba, `'`, na kivinjari kikiionyesha huirudisha kuwa ritifaa. Lakini mashine ya beji haikuwa kivinjari. Ilichapa ilichopewa. Mzee mmoja wa BMU akainama, akaisoma polepole, akaniuliza kwa heshima zote kama 39 ni umri. Nikamwambia asante sana, mzee wangu.

Aliyechapa programu naye alikuwa amebanwa na nafasi. Maelezo yangu, yaliyokuwa yamekaa peke yao chini, akayavuta juu na kuyaunganisha na wasifu yakawa aya moja. Niliyaona nikiwa nimeshakaa, programu mapajani, na emsii tayari amesimama.

Hapa ndipo ninapoomba mnisubiri kidogo.

Emsii alikuwa hodari, sauti nzito, suti ya samawati. Akasoma shahada zangu vizuri. Akasoma miaka yangu ziwani. Kisha bila kupunguza mwendo, kwa sauti ileile ya shahada, akatangaza: "Jina lake hutamkwa a-chyeng', na mwisho wake ni kama ng'ombe."

Alilitamka sawasawa, hilo nampa. Ukumbi ukanyamaza. Mkalimani wa Dholuo, mama mtu mzima asiyeacha neno lipotee, akafanya kazi yake: mwisho wake, akawaambia wavuvi, ni kama dhiang'. Na dhiang' ni ng'ombe kwa Dholuo, tena linaishia kwa ng' ileile. Achieng', dhiang'. Mfano wangu ulikuwa wa mwanzo wa neno; yeye, bila kukusudia, akaupeleka mwishoni mahali ulipotakiwa kuwa. Hakuna Mjaluo duniani anayehitaji kufundishwa kutamka Achieng', kwa hiyo walichosikia ni kwamba daktari amekuja na amejifananisha na ng'ombe. Kicheko kilianzia kwa akina mama wa omena, kikapanda. Mmoja alipiga meza.

Upande wa Kiingereza mambo yalikuwa kimya zaidi, na mabaya zaidi. Mkalimani wao naye alitafsiri neno kwa neno, lakini neno la Kiingereza la ng'ombe halina ng' mbele wala nyuma. Wageni wakaambiwa kwamba jina langu linafanana na mnyama, basi. Niliona bibi mmoja wa safu ya mbele akitazama programu yake, akinitazama, akiandika kitu. Baadaye kwenye maswali akaniita kwa jina ambalo sitaliandika hapa.

Nilisimama nikazungumza. Hewa majini hupungua usiku kwa sababu mimea na vijidudu vyote vinaivuta na jua halipo la kuirudisha; kizimba kikijaa kupita kiasi, alfajiri samaki wanapanda juu kuhema. Yalisikilizwa vizuri, labda kwa sababu watu walikuwa wameshachangamka. Ya siku hiyo mengine niyapite.

Ila chai. Mama mmoja alinishika mkono kwenye foleni ya chai, akainua leso, akanionyesha goti. "Daktari, hili linanisumbua tangu msimu wa mvua." Nikamweleza kwamba mimi ni daktari wa vitabu, kazi yangu ni samaki. Akanitazama kwa huruma. "Na hao samaki, wanapona?" Nikasema wengine.

Hilo la daktari lilinitaabisha kuliko la ng'ombe. Rahisi ingekuwa kuondoa Dkt. nikiongea na watu wa fuo. Lakini kwenye programu ileile jina lililofuata langu lilikuwa la Mhandisi fulani, mwanamume, mdogo kwangu, na hakuna aliyemvua uhandisi. Mwanamke akiacha cheo chake, kwa maafisa wa kaunti anakuwa "madam" na maswali mazito yanapelekwa kwa anayefuata. Kwa hiyo sikiachi. Nilichobadilisha ni kwamba Dkt. haitembei peke yake: "Dkt. Achieng', mtafiti wa samaki", kwa pumzi moja, isiachwe hadi sentensi ya pili ambayo huenda isisomwe. Magoti yamepungua, hayajaisha.

Maelezo ya jina nayo nayapanga tofauti siku hizi. Hayakai tena chini ya wasifu, yanakaa juu, kabla hata ya jina, na yanaanza hivi: KWA EMSII, USISOME KWA SAUTI. Kisha mistari mitupu miwili, kisha wasifu. Hata anayebana nafasi akiyaunganisha, onyo linakuwa la kwanza kuonekana. Mfano naugeuza kulingana na kinywa kitakachosoma. Emsii wa Kiswahili nampa ng'ombe. Wa Kiingereza namwandikia mlio ambao Waingereza humalizia neno lao la kuimba, maana wao hawana shida na ng' ya mwisho, ya mwanzo ndiyo huwashinda. Mkalimani nampelekea nakala yake mwenyewe, na kumwambia kwamba mfano hautafsiriwi, atafute wake. Kwenye Zoom najiandika `Dkt. Achieng' (a-CHYENG')` ili anayetaka kuuliza swali alione jina hapo hapo, asilazimike kukumbuka alichosikia mwanzoni. Na kwenye fomu za usajili sipigani tena. Naandika Achieng bila ritifaa, kisha nampigia simu karani anayechapa beji, namwomba aiongeze kwa mkono. Wengi hukubali. Wengine husema mfumo umefungwa, hapo nabeba kalamu yangu.

Yupo mwenyekiti mmoja wa BMU aliyenihifadhi kwenye simu kama Daktari Dhiang'. Alinionyesha mwenyewe, akicheka. Sijamwomba abadilishe, maana katika watu wote waliokuwa ukumbini, akipiga simu ndiye anayenitamka vizuri kuliko wote.

Moja limenishinda hadi leo. Yule mama mkalimani, baada ya kicheko, aliongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi: aliwaambia mimi ni nyar Seme, binti wa Seme. Sijui alijuaje. Wazee walitikisa vichwa, na mmoja aliyekuwa akichezea simu akaiweka chini. Dkt. haikuwa imefanya hivyo. Nimewahi kuliandika kwenye wasifu, nikalifuta, kwa sababu afisa wa kaunti akilisoma haoni heshima, anaona unakotoka, na anaanza kupiga hesabu za nani alipewa mradi. Nikaliandika tena kwa mkutano wa Homa Bay, nikalifuta tena. Mume wangu anasema nikiandika nyar Seme itabidi niandike pia nimeolewa wapi, la sivyo wazee wa kwao watauliza, na hapo maneno 80 yatakuwa yameisha kabla sijafika kwa samaki.