Ngazi ya kupakilia korosho: nilivyokaribia kununua chuma kwa kupiga hesabu isiyo yenyewe

Msimu uliopita anko wangu, anasimamia makuli kwenye ghala moja la korosho hapa Mtwara mjini, alinipigia simu akasema mpwa hebu njoo uone hii takataka. Takataka yenyewe ilikuwa ule ubao wa kupandia kwenye fuso. Kuli anapanda na gunia la kilo 80 mgongoni, akifika katikati ubao unazama halafu unamrusha, vijana wawili walishateleza. Mwaka wa juzi walishawahi kuchomelewa ya chuma, ile haikuzama ila ilihitaji watu wanne kuihamisha toka gari moja kwenda jingine, mwisho wakaitupa nyuma ya ghala ikaota kutu kwa hii hewa ya chumvi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa mbili kwa mpigo, isipinde na isiwe nzito. Nikapanga iwe na boriti mbili za mita 4, juu zinapigiliwa vibao vya kukanyagia. Mtu na gunia nikakadiria kilo 150, yaani kama nyutoni 1500, kila boriti ibebe nusu, 750. Kuzama katikati nikasema isizidi sentimita 2.

Nikaanza na kile nilichokumbuka darasani, kwamba ukitaka kitu kigumu na chepesi unachukua E, moduli ya Young, yaani ugumu wa matirio yenyewe bila kujali umbo, unagawa kwa densiti, mwenye namba kubwa ndo mshindi. Chuma E ni 210 GPa na densiti 7850, unapata kama 27 (ukipima densiti kwa tani kwa mita ya ujazo). Aluminiamu 70 kwa 2.7 inatoka 26. Paini kavu nilichukua 9 GPa na kilo 500, inatoka 18. Nikamwambia anko chuma kimeshinda. Akaniangalia tu akasema chuma si kile pale nyuma kinaoza?

Nikarudi nyumbani Chuno nikakaa chini vizuri maana kuna kitu kilikuwa hakikai sawa, mbao ndo kila mtu anatumia kwenye paa na kwenye mashua, haiwezekani wote ni wajinga. Kumbe E kwa densiti ni kipimo cha kitu kinachovutwa, kama kamba au fimbo ya kuning'inizia. Pale unene hauna ujanja wowote, ukiongeza eneo mara mbili ugumu unaongezeka mara mbili na uzito mara mbili basi. Boriti inayopinda sio hivyo. Ukiongeza eneo la mraba wake mara mbili, ugumu wa kupinda unaongezeka mara nne, kwa sababu ile I, namba ya umbo la mkato inayoonyesha linavyokataa kupinda, inaenda na eneo kwa eneo. Matirio nyepesi ikinenepa kwa uzito uleule inafaidi sana.

Ukiiandika inakuwa hivi. Boriti imelazwa ncha mbili, mzigo katikati, S ni nguvu gawa kwa mzamo, L ni urefu, A ni eneo la mkato, m ni uzito, ρ ni densiti:

```
S = 48 E I / L^3      I = A^2 / 12   (mraba)
m = A L ρ
m = sqrt(S L^5 / 4) × ρ / sqrt(E)
```

S na L ni za anko, mimi sizigusi. Kinachobaki ni ρ gawa kwa kipeuo cha pili cha E, kwa hiyo namba ya kutafuta ni sqrt(E)/ρ iwe kubwa. Chuma sasa 1.85, aluminiamu 3.1, paini 6. Meza imegeuka kabisa. Na sio maneno, nilipiga kwa kilo: boriti ya mraba mtupu, S ya 37500 nyutoni kwa mita, chuma inataka upande wa mm 41 na inatoka kilo 53, aluminiamu mm 54 kilo 32 hivi, paini mm 90 kilo 16. Kumbuka hizo zote tatu zinazama sentimita 2 zilezile.

Hapo nikataka kukimbilia kwa muuza mbao ila jamaa yangu mchomeleaji akanicheka, akasema nani anakuuzia chuma cha mraba kilichojaa, wewe si unanunua pipe. Na ana haki. Ile namba inalinganisha vitu vya umbo moja tu, ukibadilisha umbo unakuwa umeanza mechi nyingine. Pipe la 80 kwa 40 unene mm 2, likisimama kwa 80, I yake ni kama mm⁴ 390,000, mita 4 zinapima kilo 14.6 na linazama mm 12 tu. Yaani limeipita paini ya mraba! Umbo linaikomboa chuma kwa sababu unaweza kuivuta iwe nyembamba na wazi katikati, mbao hupati kirahisi ikiwa na uwazi ndani.

Ila mbao nayo ina ujanja wake mdogo, unaisimamisha. Mbili kwa sita, mm 50 kwa 150, ikisimama wima kwa hesabu inazama mm 8 na inapima kilo 15. Uzito karibu sawa na pipe na inapinda pungufu kuliko pipe. Nikachagua mbao, kwa bei na kwa kutu, maana pipe la mm 2 kwenye upepo wa bahari likianza kuliwa kwa ndani huoni mpaka linakatika.

Sasa kasheshe. Nilinunua, nikaiweka moja kwenye matofali mawili umbali wa mita 4, nikaning'iniza katikati gunia nililolipima kilo 75, uzi nikaufunga ncha kwa ncha nikapima. Mm 11 badala ya 8! Nikadhani paini ni mbichi na E yangu 9 ni ya uongo. Nikachukua futi nikapima mbao yenyewe, ilikuwa 45 kwa 140. Mbili kwa sita ya jina tu. Urefu wa kusimama unaingia kwa nguvu ya tatu, kwa hiyo hiyo sentimita moja iliyopotea ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya ugumu uliopotea, nikirudia hesabu na 45 kwa 140 inatoka mm 10.8. E ilikuwa sawa, muuzaji ndo hakuwa sawa. Mzani ukasoma kilo 13, kwa hiyo haikuwa mbichi pia. Mbao mbichi ingenisomea kilo nyingi zaidi na mzamo mkubwa zaidi kwa pamoja, hivyo pima vyote viwili, kimoja peke yake kinadanganya.

Mm 11 bado iko chini ya 20, nikaendelea. Kabla ya kupigilia nikacheki isije ikavunjika, kuli akikanyaga upande mmoja boriti moja inabeba 1500 yote, msongo unatoka kama MPa 10, paini kavu isiyo na fundo kubwa upande wa chini inahimili. Mbao iliyokuwa na fundo katikati nikaigeuza fundo likae juu. Na ncha za chini nikazipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa.

Vijana wawili wanaibeba bila kelele. Anko sasa anataka nyingine ya mita 5 eti fuso lisisogee sana ukutani. Nikamwambia kwa masharti yaleyale, upana wa mbao ukibaki uleule na unaongeza kimo tu, uzito unapanda na urefu kwa urefu, mita moja tu ya ziada inaongeza zaidi ya nusu ya uzito. Akakaa kimya kidogo, halafu akamwita dereva asogeze gari.