Nilivyoiandika upya kuponi ya duka langu la udobi

Kuponi ya kwanza niliyowagawia wateja wangu hapa Tanga ilikuwa na maneno machache: "Punguzo hadi 20%. Mwisho usiku wa Ijumaa." Niliyaona yanatosha, kumbe kila mteja aliyasoma kwa namna yake.

Mzee mmoja, mwenyeji wa pwani, alikuja Alhamisi alasiri akihema, kwa kuwa kwa hesabu aliyokulia nayo siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Vijana wawili walikuja Ijumaa saa 3 usiku wakakuta nimefunga. Lililoniumiza zaidi ni la mama aliyeleta mashuka na suti Alhamisi, akazifuata Jumatatu. Gharama ilikuwa shilingi 25,000, naye alikuwa na 20,000 mkononi. Msaidizi wangu akamwambia kuponi imekwisha. "Mwanangu, nguo si nilileta kabla ya Ijumaa?" aliuliza. Nilimpa punguzo lake na kumwomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa la maandishi yangu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika kazi kama ya dobi, ambayo mteja huleta leo na kulipa siku nyingine, tarehe ya mwisho haina maana mpaka useme ni tarehe ya mwisho ya kufanya nini. Neno "hadi" nalo nililiondoa, maana linaruhusu hata punguzo la 5%, ilhali mimi nilikusudia 20% kamili. Niliandika hivi:

"Punguzo la 20% kwa gharama ya kufua na kupiga pasi, ikiwa gharama hiyo kabla ya punguzo ni shilingi 20,000 au zaidi. Leta nguo pamoja na kuponi hii kabla ya saa 12 jioni, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025. Unaweza kuzichukua na kulipa baada ya siku hiyo. Kuponi moja hutumika mara moja."

Maneno "kabla ya punguzo" niliyaongeza kwa sababu mtu mwenye nguo za shilingi 20,000 hulipa 16,000, na bila maneno hayo angeweza kudhani ameshuka chini ya kiwango. Jina la siku nililiweka pamoja na tarehe, na mwezi nikauandika kwa herufi.

Kabla ya kuchapisha niliwapa majirani watatu waisome, kisha nikawauliza swali moja: ukileta nguo za shilingi 25,000 Jumamosi saa 10 jioni, ukazichukua Jumatatu, utalipa ngapi? Wote walijibu 20,000. Tangu hapo kuponi tunaichukua nguo zinapopokelewa, na punguzo linaandikwa palepale kwenye risiti, ili anayekabidhi nguo Jumatatu asiwe na la kukisia.