IP iliyofungiwa mwaka juzi leo anayo mteja: nilivyosafisha listi ya kublok kwenye sava ya duka

Malalamiko yalikuwa yanafanana sana. Mteja anapiga anasema saiti yenu haifunguki, ukiifungua wewe inafunguka, unamwambia ajaribu tena baadaye anasema bado, halafu kesho yake anakwambia imefunguka yenyewe na hajagusa kitu. Natunza sava ya duka la spea za pikipiki hapa Mwanza, wateja wengi ni mafundi na wenye maduka madogo wa Geita, Sengerema, Bunda na Musoma huko, wanaagiza kwa simu zao, na fundi akikosa saiti asubuhi hakusubiri, anaenda kununua kwingine. Kwa hiyo nikaamua kulifuatilia mpaka nijue.

Aliyenisaidia zaidi ni mama mmoja wa Geita mwenye duka lake. Alinipigia akasema, "Kaka, nikizima data nikawasha inafunguka, baadaye inagoma tena." Hiyo sentensi moja ilinipa njia, kwa sababu ukizima data na kuwasha, simu inaunganishwa upya na mara nyingi inapewa IP nyingine. Simu ileile, bando lilelile, saiti ileile, kilichobadilika ni IP tu. Nikamwomba, "Mama, ikigoma tena usizime data kwanza, nipigie kwa laini nyingine ikiwa imegoma hivyohivyo." Akafanya hivyo kweli, akafungua saiti moja ya kuonyesha IP, akanisomea namba taratibu. Namba yenyewe naificha, hapa nitaiandika 203.0.113.47.

Nikaingia kwenye sava nikaweka hii, halafu nikamwambia afungue saiti yetu:

```
tcpdump -ni eth0 host 203.0.113.47 and tcp port 443
```

Zikaanza kuingia paketi za SYN, ya kwanza, baada ya sekunde moja nyingine, kisha baada ya mbili, kisha nne, na sava haijibu kitu. Yaani simu ya mama inapiga hodi mlangoni na ndani hakuna anayeitika. Hapa elewa kwamba tcpdump inaziona paketi zinazoingia kabla faiawoli haijazigusa, kwa hiyo kama ungekuwa ni mtandao wa mteja ndio mbovu, hizo SYN zisingefika kabisa, na kama sava ingekuwa imezidiwa, wangelalamika wote kwa pamoja siyo mmojammoja. SYN zinafika, jibu halitoki, basi kuna kitu kinazitupa ndani ya sava. Hata ujumbe kwenye simu yake ulikuwa unasema hivyohivyo, ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, ambao ndio unaoupata paketi zikitupwa kimyakimya.

```
iptables -S INPUT | grep 203.0.113.47
-A INPUT -s 203.0.113.47/32 -j DROP
```

Sava hii nilikabidhiwa na fundi aliyekuwepo kabla yangu, na kwenye skripti ya kuwasha kulikuwa na faili lake la IP za kublok, namba tupu zimepangana mstari kwa mstari, hakuna tarehe, hakuna sababu, hakuna kitu. Nikachimba kwenye logi za zamani zilizohifadhiwa nikaikuta ile IP, zaidi ya miaka miwili nyuma ilijaribu kubahatisha pasiwedi ya root kwenye SSH kwa kama nusu saa, ikanyamaza. Kuzuia ile siku ilikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba adhabu ya ile nusu saa ilikuwa bado inaendelea na aliyekuwa anaitumikia ni mama wa Geita anayetafuta cheni na sproketi.

Inakuwaje IP moja ihame hivyo? Mshambuliaji wa aina ile mara nyingi siyo mtu amekaa na kompyuta, ni ruta au kamera ya nyumbani kwa mtu iliyoambukizwa na mwenye nacho hajui lolote. Kirusi cha Mirai cha mwaka 2016 kilienea hivyohivyo, kilikuwa kinaingia kwenye vifaa vilivyoachwa na pasiwedi ya kiwandani. Sasa ruta ya nyumbani kwa kawaida haina IP yake ya kudumu, inaazimwa moja kutoka kwenye fungu la kampuni ya mtandao, na ikijiunga upya inaweza kupewa nyingine. Umeme ukikatika mtaa mzima na kurudi, maruta yote yanajiunga upya na kila moja linaweza kutoka na namba tofauti na ya asubuhi. Kifaa kilichoambukizwa kimeshapata IP mpya ambayo kwenye listi yako haipo, na ile uliyoifungia kapewa jirani. Kwa maana hiyo listi ya zamani inakosea mara mbili, inamwacha mbaya apite na inamfungia asiyehusika.

Kwenye simu ni zaidi. IPv4 hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje kwa wakati mmoja, hata likatengwa fungu maalumu la 100.64.0.0/10 mwaka 2012 kwa ajili ya upande wa ndani wa mpango huo. Ukifungia IP ya nje ya namna hii hujafungia mtu, umefungia watu wengi wasiojuana, na baada ya muda wanaingia wengine kwenye foleni ileile. Ndiyo maana malalamiko yalikuwa yanakuja na kuondoka.

Sasa kusafisha. Rahisi ilikuwa kufuta faili lote, lakini sikutaka, kwa sababu humo ndani lazima kulikuwa na IP za sava za kukodi ambazo hazihami ovyo na bado zilikuwa zinatushambulia. Nilichofanya, IP zote za zamani nikaziweka kwenye seti moja ya ipset nikaiita zamani, nikaacha SSH imefungwa kwao, lakini mlango wa saiti nikaufungua na kuweka logi:

```
iptables -I INPUT -p tcp --syn -m set --match-set zamani src -j LOG --log-prefix "ZAMANI "
```

Kila anayepiga hodi kutoka kwenye ile listi sasa anaandikwa, SRC ni IP yake na DPT ni mlango anaoutaka. Nikaiacha inakusanya, kisha nikawa nachukua IP moja moja naitafuta kwenye logi ya nginx kuona imefanya nini ilipoingia. Hapo makundi mawili yalijitenga yenyewe. Kundi moja DPT=443 tu, anafungua ukurasa wa mbele, picha zinapakuliwa, anaingia kwa akaunti ambayo ipo kwetu siku nyingi, anaweka tairi kwenye oda. Huyo ni mteja, hakuna ubishi. Kundi la pili bado wako DPT=22 usiku kucha, au wakija 443 wanaomba /wp-login.php wakati saiti yetu haijatengenezwa kwa WordPress, hakuna mteja wa spea anayetafuta ukurasa huo. Na zilikuwepo nyingi ambazo hazikuonekana kabisa, zimekaa tu.

Nikatumia na whois ya AFRINIC kujua fungu ni la kampuni ya simu au la sava za kukodi, na kuangalia jina la kinyume la IP, likiwa na maneno kama dynamic, pool au dsl ujue ni ya kuazimwa. Hiyo usiitegemee peke yake, IP nyingi za huku kwetu hazina jina kabisa. Tabia kwenye logi ndiyo iliyoamua.

Kuna kitu kiliniudhi kidogo, na nakisema kwa sababu nimekikuta na kwenye sava nyingine. Sehemu ya faili ilikuwa imepakuliwa kutoka listi ya wazi mtandaoni, mara moja, halafu haikusasishwa tena. Wenye listi huko wanaongeza na kutoa kila siku, wewe umebaki na picha ya siku moja. Na humo kulikuwa na mafungu mazima ya /24, IP 256 kwa mpigo. Hizo za kampuni za simu niliziondoa bila kusubiri logi.

Nilipomaliza, nikabadilisha namna ya kublok kwenda mbele. Kila IP inaingia na muda wake wa kutoka na sababu yake:

```
ipset create wabaya hash:ip timeout 86400 counters comment
ipset add wabaya 203.0.113.47 timeout 3600 comment "ssh root"
iptables -I INPUT -p tcp --dport 22 -m set --match-set wabaya src -j DROP
```

Muda ni kwa sekunde, 3600 ni saa moja, ukifika IP inatoka yenyewe bila mtu kukumbuka. Kikomo cha ipset ni sekunde 2147483, kama siku 24 hivi, na kwa IP za kuazimwa hata hiyo ni nyingi mno. Mstari wa mwisho ndio ulioleta nafuu kubwa: aliyekosea SSH anafungiwa mlango 22 tu, saiti anaendelea kuiona, kwa hiyo hata kama ile IP ikihamia kwa mteja kabla saa haijaisha hatajua chochote.

SSH yenyewe nimeiachia fail2ban, kwa kuwa inajua kuongeza adhabu kwa anayerudi:

```
[sshd]
enabled = true
bantime = 1h
bantime.increment = true
bantime.maxtime = 1w
```

Kosa la kwanza saa moja, akirudi muda unaongezeka, mwisho wiki. Sava ya kukodi inayoshambulia kila siku inafika wiki haraka na kubaki huko, ruta ya mtu iliyopata IP mpya haijirudii kwa hiyo inaisha na saa yake. Bosi aliuliza kama hatujilegezi, nikamweleza kwamba pasiwedi kwenye SSH nimezima, tunaingia kwa funguo tu, kwa hiyo anayebahatisha hata akiachiwa hapati kitu, block inapunguza kelele kwenye logi.

Kwenye fomu ya kuingia ya saiti ndipo nilipokuwa makini, maana pale wateja wa simu wanashea IP. Nikihesabu makosa kwa IP peke yake, mafundi kadhaa waliosahau pasiwedi wanaweza kumfungia mwenzao wasiyemjua. Kwa hiyo naihesabu akaunti kwanza, akikosea sana akaunti hiyo inapumzishwa dakika kadhaa na anatumiwa meseji, na IP naipunguzia kasi tu ikizidisha sana badala ya kuifungia.

Kilichobaki kunisumbua ni wanaobahatisha polepole, jaribio moja kwa saa kutoka IP tofauti tofauti. Hao fail2ban haiwaoni, na hata listi ndefu kiasi gani isingewaona. Nawafuatilia kwa upande wa akaunti inayolengwa, na bado natafuta kiwango ambacho hakitamgusa mteja aliyesahau pasiwedi kweli.