Mfuko wa milimita 7 uliotolewa kwenye hesabu

Ilikuwa 2019, niko mwaka wa nne nasomea udaktari wa meno Dar, na mpangilio mpya wa magonjwa ya fizi ulikuwa ndo kwanza una mwaka mmoja tangu uchapishwe, ule waliokubaliana wataalamu wa Marekani na Ulaya kwenye kikao chao cha Chicago 2017. Zamani ukiona ugonjwa wa fizi umeshashuka mpaka umekula mfupa unaoshika jino unaandika periodontaitisi sugu, au ile ya kushambulia haraka kwa vijana, unaendelea na mambo yako. Sasa tukaambiwa ugonjwa ni mmoja, unaupa steji, ya kwanza mpaka ya nne, alafu herufi A, B au C kuonyesha unaenda kwa kasi gani. Darasani jedwali lake linaeleweka vizuri tu. Mimi lilikuja kuniingia kichwani kabisa siku nilipopangiwa mama mmoja wa miaka 52, muuza samaki pale Feri.

Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamuuliza kinachomsumbua. Akasema meno yamekuwa marefu, nyama ya samaki inaingia katikati inakaa humo siku nzima, na asubuhi akipiga mswaki anatema damu. Hana sukari, havuti sigara. Nikamlaza kwenye kiti nikaanza kupima, mwenzangu anaandika.

Kipimo chenyewe ni kijichuma chembamba, ncha yake butu, kina mistari kila milimita mpaka 15. Unakiingiza taratibu kwenye uwazi kati ya fizi na jino, ndo tunaouita mfuko, kimelala sambamba na mzizi, mpaka kikatae. Nguvu yenyewe ni ndogo sana, kama gramu 20 mpaka 25, na mwalimu wetu alikuwa anatufanya tukibonyeze kwenye mizani kwanza ndo tuguse mgonjwa, maana fizi iliyovimba ni laini, ukisukuma zaidi ncha inatoboa inapitiliza na unaandika mfuko ambao haupo. Na kinyume chake, ukikutana na ugaga mgumu chini ya fizi kijichuma kinagota hapo, unadhani umefika mwisho kumbe bado. Kila jino linapimwa sehemu sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi, na pale katikati ya jino na jino unakilaza kidogo kiingie chini ya sehemu meno yanapogusana, maana ndo ugonjwa unapopenda kukaa.

Namba zikaanza kutoka. Tatu, tatu, nne. Nne, tatu, tano. Nyingi zilikuwa nne, chache tano, na damu karibu kila sehemu. Alafu nikafika nyuma ya gego la pili la chini kulia, kijichuma kikazama mpaka saba. Mwenzangu akaacha kuandika akaniangalia, nikapima tena, saba. Ndiyo ilikuwa namba kubwa kuliko zote kinywani mwa yule mama.

Kufikia hapo mabishano yakawa yameanza, maana tulikuwa wanafunzi wanne pale kitini. Mmoja akasema hii ni steji ya tatu moja kwa moja, si kuna mfuko wa 6 au zaidi? Mwingine akasema hapana, huo ni mmoja tu, mingine yote mwisho 5, kwa hiyo steji ya pili. Wote wawili walikuwa wanaangalia kina cha mfuko.

Mwalimu wetu, daktari bingwa wa fizi, mama mpole lakini haachi kitu kipite, akasogea akauliza swali moja tu: ukingo wa fizi uko wapi?

Yani kina cha mfuko kinapimwa kuanzia ukingo wa fizi kwenda chini, na ukingo wa fizi hautulii sehemu moja, unapanda ukivimba, unashuka ukisinyaa. Asubuhi hiyohiyo kiti cha pili kulikuwa na kijana anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, dawa ambayo huweza kuotesha fizi, na fizi zake zilikuwa zimepanda zimefunika nusu ya meno. Mfuko wake wa mbele ulisoma 5. Lakini ukitafuta kwa ncha ya kijichuma ile sehemu enameli inapoishia na mzizi unapoanza, yani shingo ya jino, unaikuta milimita 5 chini ya ukingo, palepale kijichuma kinapokomea. Tano toa tano, sifuri. Hajapoteza mshiko wowote, fizi imepanda juu tu.

Huyu mama alikuwa kinyume. Mwalimu akanirudisha kwenye gego la kwanza la chini kushoto, upande wa mbele pale linapopakana na jirani yake, ambapo mfuko ulikuwa 4, namba ambayo hakuna aliyekuwa anaijali. Pale fizi ilikuwa imeshuka, shingo ya jino iko nje kabisa, na kutoka shingo mpaka ukingo wa fizi kulikuwa na milimita 2. Nne ongeza mbili, sita. Hiyo sita ndo upotevu wa mshiko, umbali kutoka shingo ya jino mpaka mahali ambapo jino bado limeshikwa, na shingo ya jino haipandi wala haishuki, ndo maana tunapimia kutoka hapo. Yule mama alikuwa anasikiliza akauliza kwani mnajumlisha nini, mwalimu akamwambia, mama, nguzo ya kufungia mashua, mchanga ukiondoka huangalii tu shimo lililobaki pembeni yake, unaangalia nguzo imebaki wazi kiasi gani tangu ilipochimbiwa. Akacheka, akasema hapo nimeelewa.

Sasa steji inasomwa kwenye huo upotevu wa mshiko, kati ya jino na jino, pale palipopotea zaidi. Milimita 1 mpaka 2 ni ya kwanza, 3 mpaka 4 ya pili, 5 na kuendelea ni ya tatu au ya nne. Na lazima upotevu uonekane kwenye meno mawili au zaidi yasiyopakana, jino moja tu halitoshi kumwambia mtu ana periodontaitisi. Mama alikuwa na sita hiyo ya kushoto, na nyingine mbili juu ambapo mfuko ulikuwa 5 na fizi imeshuka 1. Basi steji ya pili ikafa hapo.

Na ile saba ya nyuma? Mwalimu akatuambia tuangalie eksirei kabla hatujaisema tena. Gego la mwisho la chini kulia lilikuwa limelala, limezikwa kwenye mfupa, kichwa chake kimegota kwenye mzizi wa gego la pili. Mfuko ule ulikuwa umetokana na hilo jino lililolala. Upotevu unaopatikana nyuma ya gego la pili kwa sababu ya gego la mwisho lililokaa vibaya, au lililong'olewa, hauhesabiwi. Ni tatizo la kweli, linatibiwa, ila halina haki ya kuamua steji. Hivohivo na jino lake la chonge la juu, upande wa shavu fizi ilikuwa imeshuka milimita 4 na mzizi una mchongo kama umelambwa, mfuko 1, jumla 5, lakini hiyo ni kazi ya mswaki mgumu wa miaka mingi, nayo tukaiacha. Kwa kweli hapo ndo nilipoipenda hii kazi, mfuko mrefu kuliko wote ukatolewa nje, na mfuko wa 4 ndo ukaamua.

Eksirei ikakubaliana na vipimo. Pale kushoto mfupa ulikuwa umeliwa kiasi cha asilimia 40 ya urefu wa mzizi, yani umeshavuka theluthi ya juu umeingia ya kati. Chini ya asilimia 15 ingekuwa ya kwanza, 15 mpaka 33 ya pili. Kwa umri wake wa miaka 52, asilimia 40 gawa kwa 52 ni kama 0.77, ikampa herufi B, kasi ya wastani.

Ikabaki kuamua ni ya tatu au ya nne, na hapa kijichuma hakikusaidii, unasaidiwa na mdomo wa mgonjwa. Mama alikuwa ameshapoteza meno sita. Meno matano au zaidi yaliyopotea kwa sababu ya ugonjwa wa fizi yanampeleka mtu steji ya nne, manne kushuka chini anabaki ya tatu. Kwa hiyo swali si ngapi, ni kwa nini. Mwalimu akavuta kistuli akakaa karibu naye, akamuuliza jino mojamoja, lile la huku liliondokaje mama? Matatu ya upande wa kulia akasema yalikuwa na matundu, yaliuma usiku hadi alie, akaenda kung'oa. Matatu ya mbele chini, hayo hayakuuma, yalikuwa yanacheza tu, moja alilitoa mwenyewe kwa vidole anakula. Matatu ya matundu, matatu ya fizi. Tukaangalia na mengine ya steji ya nne: ana meno zaidi ya 20, yaliyobaki hayachezi kwa kutisha, hayajafunguka kama kipepeo, na upande wa kushoto anatafuna hadi pweza. Ikaandikwa steji ya tatu, B.

Nilimsafisha chini ya fizi kwa awamu, tukamfundisha vile vibrashi vya kupitisha katikati ya meno, na baada ya miezi mitatu akarudi kupimwa. Damu ilikuwa imepungua sana. Lile gego la kushoto mfuko ukasoma 3, mama akafurahi, mimi nikapima na fizi nikakuta sasa imeshuka 3. Tatu na tatu, sita ileile, uvimbe ndo uliokuwa umeondoka. Kule juu mfuko ulishuka kutoka 5 mpaka 3 na fizi ikawa imeshuka 2, jumla 5, kwa hiyo huko alipata milimita moja ya mshiko.

Akaniuliza, kwa hiyo mwanangu sa hivi nimerudi steji ya pili? Nikamwambia hapana mama, steji haishuki, inaandikwa kwa kile kilichokwishapotea, na hata ukipona utabaki unaitwa steji ya tatu iliyotulia. Akafikiri kidogo akasema basi hiyo iliyotulia muiandike kwa kalamu nzito. Nikamuandika, nikampangia kurudi kila baada ya miezi mitatu, na lile gego lililolala nikampeleka kwa wenzetu wa upasuaji.